Masoko machanga ya hisa: Kwa nini uchumi wa jirani hukua ilhali akiba ya mwekezaji hupungua

Mwezi Agosti mwaka 2021, hisa moja ya kampuni ya mawasiliano ya Safaricom iliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi kwa takriban shilingi 44 za Kenya. Mwishoni mwa mwaka 2023, hisa hiyo hiyo iliuzwa kwa takriban shilingi 14. Katika kipindi hicho chote uchumi wa Kenya haukusimama. Ulikua kila mwaka, na mwaka 2023 ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Kampuni yenyewe iliendelea kupata faida, ingawa faida hiyo ilipungua, na mamilioni ya watu waliendelea kutuma na kupokea fedha kwa M-Pesa kama kawaida yao.

Aliyenunua hisa hizo akiwa Kenya alipoteza sehemu kubwa ya akiba yake. Aliyezinunua akiwa Uganda alipoteza zaidi, kwa kuwa shilingi ya Kenya nayo ilishuka thamani mbele ya shilingi ya Uganda. Ukuaji wa uchumi ambao watu hao wawili waliusikia katika taarifa za habari ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, haukuwafikia mifukoni.

Tofauti hiyo baina ya ukuaji wa nchi na pato la mwekezaji ndiyo inayopaswa kueleweka na kila mwananchi anayefikiria kuweka akiba yake katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayonunua hisa za nchi zinazoendelea. Mifuko hiyo hutangazwa kwa ahadi ya ukuaji wa kasi. Lakini kati ya ukuaji huo na mkono wa mwekaji akiba kuna milango mitatu: bei ya hisa, thamani ya sarafu, na njia ya kutoka.

Masoko haya ni yapi

Kampuni zinazotayarisha faharisi za hisa duniani, zikiwemo MSCI na FTSE Russell, huyagawa masoko katika madaraja. Juu kabisa yako masoko yaliyoendelea, kama vile Marekani, Japani na Ujerumani. Chini yake yako masoko yanayoinukia, ambamo zimo China, India, Brazili, Afrika Kusini na Misri. Daraja linalofuata ni la masoko machanga, na kwa mujibu wa MSCI humo zimo Vietnam, Moroko, Romania na Kenya. Uganda, Tanzania na Rwanda zina masoko ya hisa, lakini hazimo katika faharisi kuu ya MSCI ya masoko machanga.

Wengi hudhani kwamba madaraja hayo hupangwa kwa kuangalia utajiri au umaskini wa nchi pekee. Sivyo. Kinachotazamwa hasa ni ukubwa wa kampuni zilizoandikishwa, wingi wa hisa zinazobadilisha mikono kila siku, na urahisi wa mwekezaji wa kigeni kuingiza na kutoa fedha zake. Kuwait, nchi yenye utajiri mkubwa wa mafuta, ilihesabiwa na MSCI kuwa soko changa hadi ilipopandishwa daraja mwaka 2020. Kwa hiyo, soko likiitwa changa, jambo la kwanza ambalo jina hilo linamwambia mwekaji akiba ni kwamba mlango wa kutokea ni mwembamba.

Wembamba huo huonekana wazi Nairobi. Kampuni zilizoandikishwa ni dazeni kadhaa, lakini ambazo mfuko mkubwa wa kigeni unaweza kununua na kuuza bila kuitikisa bei ni chache mno: Safaricom, benki kubwa kama Equity na KCB, na kiwanda cha bia cha East African Breweries. Mfuko unaosema umewekeza Kenya kwa kawaida umewekeza katika kampuni hizo tu. Mkulima wa chai wa Kericho na fundi seremala wa Gikomba, ambao jasho lao ni sehemu ya takwimu za ukuaji wa uchumi, hawana hisa zinazouzwa sokoni.

Hesabu ya mwekaji akiba wa Kampala

Tuchukue mfano wa mtu anayeishi Kampala ambaye, mwezi Agosti mwaka 2021, aliamua kununua hisa 2,500 za Safaricom. Mfano huu ni wa kubuni, lakini bei na viwango vya kubadilisha fedha vinakaribia vilivyokuwapo. Kwa bei ya shilingi 44, alihitaji shilingi 110,000 za Kenya. Wakati huo shilingi moja ya Kenya ilipatikana kwa takriban shilingi 32 na nusu za Uganda. Kwa hiyo alitoa takriban shilingi 3,575,000 za Uganda, mbali na ada ya dalali.

Mwishoni mwa mwaka 2023, hisa zake 2,500 kwa bei ya shilingi 14 zilikuwa na thamani ya shilingi 35,000 za Kenya. Mkenya aliyenunua siku moja naye alikuwa amepoteza takriban asilimia 68. Lakini mtu wetu wa Kampala alikuwa na mzigo wa pili. Shilingi ya Kenya, ambayo katikati ya mwaka 2021 ilibadilishwa kwa takriban 109 kwa dola, ilikuwa imeporomoka hadi kukaribia 157, ilhali shilingi ya Uganda haikuyumba sana. Shilingi moja ya Kenya sasa ilipatikana kwa shilingi 24 tu za Uganda. Zile shilingi 35,000 zikawa shilingi 840,000 za Uganda. Hasara yake ilifika zaidi ya asilimia 76.

Mwaka uliofuata mambo yalibadilika. Mwishoni mwa mwaka 2024, hisa hiyo iliuzwa kwa takriban shilingi 17, yaani ilikuwa imepanda kwa asilimia 21. Shilingi ya Kenya nayo ilikuwa imepata nguvu hadi takriban 129 kwa dola, na kwa Uganda ilikuwa ikibadilishwa kwa zaidi kidogo ya shilingi 28. Hisa 2,500 zikawa na thamani ya takriban shilingi 1,200,000 za Uganda. Kwa Mkenya, mwaka huo ulileta faida ya asilimia 21. Kwa mtu wa Kampala, ulileta zaidi ya asilimia 40.

Mafunzo mawili yamo katika hesabu hiyo. La kwanza ni kwamba sarafu hukata pande zote mbili, na mara nyingi huanguka wakati ule ule ambapo bei ya hisa inaanguka, kwa sababu wanaouza hisa ni wale wale wanaouza sarafu ili waondoke. La pili linahusu kupanda tena. Aliyebaki na 840,000 kutoka 3,575,000 hahitaji faida ya asilimia 76 ili arudi alikoanza. Anahitaji fedha zake ziongezeke zaidi ya mara nne. Ndiyo maana hata baada ya mwaka mzuri wa 2024 alikuwa bado na takriban theluthi moja tu ya akiba yake ya awali.

Gawio lilimpunguzia maumivu kidogo. Katika miaka hiyo Safaricom ililipa zaidi kidogo ya shilingi moja ya Kenya kwa kila hisa kwa mwaka, kabla ya kodi, yaani shilingi elfu tatu hivi kwa hisa zake zote. Aliyevumilia aliona pia bei ikivuka shilingi 25 mwaka 2025. Lakini uvumilivu huo unawezekana tu kwa mtu ambaye hakuzihitaji fedha hizo kwa karo au matibabu mwishoni mwa mwaka 2023.

Kwa nini bei ilianguka

Sababu ya kwanza haikutoka Nairobi. Mwezi Machi mwaka 2022, Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba ili kupambana na mfumuko wa bei. Riba iliyokuwa karibu na sifuri ilipandishwa hadi kuvuka asilimia 5 ilipofika Julai mwaka 2023. Mwekezaji wa Marekani ambaye awali alilazimika kwenda mbali kutafuta pato sasa aliweza kulipata nyumbani, kwa kuikopesha serikali yake mwenyewe, bila hofu ya sarafu. Fedha zilianza kurudi kwao kutoka Nairobi, Lagos, Kairo na kwingineko.

Katika wimbi kama hilo, inayopigwa zaidi ni kampuni ambayo wageni wanaweza kuiuza. Wageni waliotaka kupunguza mali zao Kenya waliuza Safaricom, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na wanunuzi. Hisa ya kampuni ndogo isiyouzwa mara kwa mara inaweza kubaki na bei ile ile kwa miezi kadhaa, na mmiliki wake akajiona salama. Usalama huo ni wa machoni tu, kwa kuwa siku atakapotaka kuuza hatampata mnunuzi kwa bei hiyo.

Sababu ya pili ilikuwa deni la serikali. Kenya ilikuwa na hati fungani ya dola bilioni 2 iliyopaswa kulipwa mwezi Juni mwaka 2024. Kadiri tarehe hiyo ilivyokaribia, ndivyo wafanyabiashara na wawekezaji walivyojiuliza dola hizo zingetoka wapi. Aliyekuwa na dola alizishika, na aliyehitaji dola alikimbilia kuzinunua mapema. Shilingi ikaendelea kuporomoka hadi ikafika takriban 160 kwa dola mwezi Januari mwaka 2024.

Serikali nayo ililazimika kuwalipa wakopeshaji wa ndani riba kubwa. Mwezi Februari mwaka 2024 ilitoa hati fungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka. Serikali inapolipa asilimia 18, mfuko wa pensheni wa Nairobi hauna sababu kubwa ya kununua hisa ambayo huenda ikapanda au ikashuka. Hivyo wageni walipokuwa wakiuza, wenyeji nao hawakuwa na haraka ya kununua.

Sababu ya tatu ilikuwa ndani ya kampuni yenyewe. Mwezi Oktoba mwaka 2022 Safaricom ilizindua huduma zake nchini Ethiopia, nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, wakati vita vya Tigray vilikuwa bado havijakoma. Makubaliano ya kusitisha vita hivyo yalitiwa saini Pretoria mwezi uliofuata. Kujenga minara na mitambo katika nchi kubwa hivyo kulihitaji mtaji mwingi kabla mapato hayajaanza kuonekana. Kisha, mwezi Julai mwaka 2024, Ethiopia iliiachia sarafu yake, birr, ipangwe na soko. Kutoka takriban 57 kwa dola, birr ilivuka 100 katika muda wa wiki chache. Mtu aliyedhani amenunua hisa ya Kenya alikuwa amebeba pia hatari ya kisiasa na ya sarafu ya Ethiopia.

Siasa haipigi pale inapotazamiwa

Neno hatari ya kisiasa huwafanya wengi wafikirie maandamano na mapinduzi. Kenya ilishuhudia maandamano makubwa mwezi Juni mwaka 2024. Tarehe 25 vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya bunge, watu waliuawa, na siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Mwezi Julai, shirika la Moody's liliishusha Kenya daraja la uwezo wa kulipa madeni.

Angetazamiwa mtu kuona shilingi ikianguka. Haikuanguka. Iliendelea kuzunguka 129 kwa dola, kwa sababu tukio lililoamua mwelekeo wake lilikuwa limekwisha kutokea miezi minne kabla, bila kelele. Mwezi Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa kwa gharama ya takriban asilimia 10, ikatumia fedha hizo kununua tena sehemu kubwa ya ile hati fungani iliyokuwa ikiogopwa. Hofu ya kushindwa kulipa ilipoondoka, waliokuwa wameshika dola waliziuza, na katika wiki chache shilingi ilipata nguvu kutoka 160 hadi kukaribia 130.

Kwa mwekaji akiba, maana yake ni kwamba hatari ya kisiasa iliyo nzito zaidi aghalabu huwa katika maamuzi ya ofisini: nani atapata dola, kwa bei gani, na kodi ipi itaongezwa. Picha za barabarani zinaweza kutisha bila kubadilisha bei, na waraka mmoja wa benki kuu unaweza kufuta nusu ya akiba bila picha yoyote kuonekana.

Mlango wa kutokea: funzo la Nijeria

Kenya, pamoja na misukosuko yake, haikuufunga mlango. Nijeria ilionyesha kinachotokea mlango unapobanwa.

Kwa muda mrefu hadi Juni mwaka 2023, kiwango rasmi cha naira kilikuwa takriban 460 kwa dola moja. Mitaani, dola ilinunuliwa kwa takriban naira 750. Pengo hilo lilikuwa ishara kwamba kwa bei rasmi dola hazikupatikana. Mwekezaji wa kigeni aliweza kuuza hisa zake Lagos na kupokea naira siku chache baadaye, lakini kuzigeuza kuwa dola alilazimika kusimama kwenye foleni ya benki kuu kwa miezi mingi. Kampuni za ndege zilikumbwa na tatizo lilo hilo. Shirika la Emirates lilisitisha safari zake za Nijeria mwaka 2022 kwa sababu fedha za tiketi zilikwama nchini humo.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo wenye vipande vya mifuko hawakuliona kwa urahisi. Mfuko hutangaza thamani ya kipande kimoja kwa kujumlisha mali zake zote na kuzigawa kwa idadi ya vipande. Mfuko uliozihesabu hisa zake za Lagos kwa kiwango rasmi cha 460 ulionyesha thamani ambayo isingeweza kupatikana. Kwa kiwango cha mitaani cha 750, kila dola 100 zilizoandikwa katika taarifa zilikuwa kwa kweli dola 61 hivi. Hasara ilikuwa imeshatokea, ila haikuwa imeandikwa. Mbaya zaidi, mwenye vipande aliyejitoa mapema alilipwa kwa thamani ile ya juu, na fedha alizopunjia soko zilitoka katika akiba ya wale waliobaki.

Tarehe 14 Juni mwaka 2023, Nijeria iliacha kukishikilia kiwango hicho. Mwisho wa mwaka naira ilikuwa takriban 900 kwa dola, na mwezi Februari mwaka 2024 ilivuka 1,500. Ajabu ni kwamba mwaka huo wa 2023 ulikuwa wa furaha katika soko la hisa la Lagos, kwani faharisi yake kuu ilipanda kwa takriban asilimia 46. Aliyeanza mwaka na dola 1,000 alipata naira 460,000. Hisa zikampandishia hadi takriban naira 672,000. Alipozigeuza kwa naira 900, alipata dola 747. Kichwa cha habari kilisema soko limepanda kwa karibu nusu, ilhali akiba yake ilikuwa imepungua kwa robo.

Kampuni za faharisi hazikusubiri. Mwezi Septemba mwaka 2023, FTSE Russell iliiondoa Nijeria katika faharisi zake za masoko machanga kwa thamani ya sifuri. MSCI nayo iliiondoa katika daraja hilo mwezi Februari mwaka 2024. Sifuri hapo haina maana kwamba kampuni za Nijeria zilikufa. Maana yake ni kwamba mwekezaji wa nje hakuweza kutegemea kuzigeuza kuwa fedha za kutumia. Urusi ilitendewa vivyo hivyo mwezi Machi mwaka 2022 baada ya kuivamia Ukraine, na yenyewe ilikuwa katika daraja la juu zaidi, la masoko yanayoinukia. Benki na kampuni zake za mafuta zilikuwa bado zinafanya kazi, lakini kwa mwenye kipande aliyekuwa London au New York, thamani yake katika vitabu ilikuwa sifuri.

Wembamba wa mlango uliigusa hata mifuko mikubwa. Mwaka 2024, kampuni ya BlackRock ya Marekani ilitangaza kuufunga mfuko wake wa masoko machanga uitwao iShares Frontier and Select EM, uliokuwa umeanzishwa mwaka 2012. Sababu iliyotolewa ilikuwa ugumu wa muda mrefu wa kuuza na kutoa fedha katika masoko hayo. Wenye vipande hawakunyang'anywa mali yao, kwani mfuko unaofungwa huuza ulichonacho na kuwagawia wanachama fedha. Lakini waliopanga kusubiri miaka kumi zaidi walilazimika kupokea bei iliyokuwapo wakati huo, iwe nzuri au mbaya.

Je, kuchanganya nchi nyingi husaidia?

Faida halali ya mfuko ni kwamba hauweki mayai yote katika kapu moja. Mwekaji akiba aliyekuwa na mfuko wenye nchi 15 hakupoteza asilimia 76 kwa sababu ya Kenya, wala hakufilisika kwa sababu ya Nijeria. Vietnam, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa na uzito mkubwa zaidi katika faharisi ya MSCI ya masoko machanga, ina viwanda na mwenendo wake ambao haufungamani na siasa za Nairobi.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni riba ya Marekani, ambayo hugusa nchi zote kwa pamoja, na kwa hiyo nchi zinazotofautiana katika siku za kawaida huanguka pamoja katika siku za dhiki. Mpaka wa pili ni kwamba mfuko wenye jina la nchi nyingi unaweza kuwa umeweka theluthi ya fedha zake katika nchi moja. Jina la mfuko halitoshi. Kinachotoa picha ya kweli ni orodha ya uwekezaji wake kumi mikubwa, ambayo kwa kawaida huchapishwa katika taarifa ya kila mwezi.

Mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha

Katika taarifa hiyo hiyo, mwekaji akiba anaweza kutafuta majibu ya maswali machache yanayolingana na milango mitatu iliyotajwa. Pato la miaka iliyopita limepimwa kwa sarafu gani? Pato la asilimia 46 kwa naira na hasara ya asilimia 25 kwa dola ni habari moja iliyosemwa kwa lugha mbili. Anayeishi Uganda anapaswa kuigeuza hesabu hiyo iwe katika shilingi ambazo kwazo atalipia mahitaji yake.

Kwa kila nchi yenye uzito mkubwa katika mfuko, kuna pengo kati ya kiwango rasmi cha sarafu na kile cha mitaani? Hili halihitaji utaalamu. Pengo dogo ni jambo la kawaida la biashara. Pengo linalopanuka mwezi baada ya mwezi, likiambatana na malalamiko ya waagizaji bidhaa na mashirika ya ndege kwamba hawapati dola, huashiria kwamba thamani iliyotangazwa ya vipande inaweza kuwa juu kuliko inayopatikana.

Masharti ya kujitoa yanasemaje? Mifuko mingi ina kifungu kinachomruhusu meneja kuahirisha malipo iwapo mali haziuziki. Kifungu hicho hakina ubaya, kwani kinawalinda wanaobaki. Lakini aliyekisoma kabla hatashangaa, na hataweka humo fedha za karo ya muhula ujao. Ada nayo haina budi kutazamwa, kwa kuwa kuuza na kununua katika masoko membamba ni ghali, na asilimia mbili kwa mwaka hukatwa hata katika mwaka wa hasara.

Baada ya maswali hayo linabaki lile la kiasi. Mtu wa Kampala katika mfano wetu, kama zile shilingi 3,575,000 zingekuwa akiba yake yote, angefika mwisho wa mwaka 2023 akiwa na 840,000 na dharura ya kwanza ingemlazimisha kuuza kwa bei ya chini kabisa. Kama zingekuwa sehemu moja kati ya ishirini ya akiba yake, hasara hiyo hiyo ingeipunguza akiba nzima kwa chini ya asilimia 4, na angeweza kusubiri hadi hisa ipande tena. Hisa zilikuwa zile zile, na bei ilikuwa ile ile. Kilichotofautisha hali hizo mbili ni kama alikuwa na uwezo wa kungoja.